Bawa Kwanza, Rangi Mwisho: Teleka na Mbayuwayu wa Anga ya Morogoro

Mvua za vuli zinapokaribia, mawingu hujikusanya kwanza juu ya vilele vya Lupanga na Bondwa. Upepo wa baridi hushuka mitelemkoni, kumbikumbi huanza kutoka ardhini, na muda si mrefu anga iliyo juu ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, juu ya stendi na juu ya viwanja vya mpira hujaa ndege wadogo weusi wanaokatiza huku na huku. Wanaonekana weusi kwa sababu mwanga uko nyuma yao. Wote wana mbawa ndefu, na wote wanafanya kazi moja, kukamata wadudu hewani bila kutua. Mtu akiulizwa ni ndege gani hao, atajibu kuwa ni mbayuwayu, au barawai, na mazungumzo yataishia hapo.

Ndani ya kundi moja la namna hiyo mnaweza kuwamo aina tano au sita, na nusu yao si mbayuwayu kabisa. Ni teleka. Mbayuwayu ni jamaa wa ndege waimbao, kundi lilelile la shomoro, chozi na kurumbiza. Teleka wako mbali nao, na ndugu zao wa karibu ni wale ndege wadogo sana wa Amerika wanaoning'inia hewani mbele ya ua na kunyonya asali yake. Mbayuwayu na teleka wamefanana kwa sababu ya kazi, wala si kwa sababu ya damu. Anayewinda wadudu angani anahitaji mwili mwembamba, mbawa ndefu na mdomo mpana, na kila ukoo ulivipata vitu hivyo kwa njia yake.

Njia hizo mbili ndizo zinazotupa nafasi ya kuwatenganisha. Rangi huonekana kwa shida ndege akiwa juu ya mita mia moja, tena dhidi ya wingu jeupe. Kinachoonekana daima ni kivuli chake, yaani mstari wa bawa, umbo la mkia na namna anavyotembea hewani. Sura hii inafundisha kusoma kivuli hicho kwa mpangilio mmoja: bawa, mwendo, mkia, na mwisho kabisa rangi.

Mkono ulio ndani ya bawa

Bawa la ndege ni mkono. Lina mfupa wa juu unaotoka begani, lina kiwiko, lina kifundo, na baada ya kifundo kuna kiganja kinachobeba manyoya marefu ya ncha. Kwa mbayuwayu, mifupa ya sehemu ya juu ina urefu wa kutosha, hivyo kifundo kinakaa mbali kidogo na mwili. Ukimtazama kutoka chini unaona bawa pana karibu na kiwiliwili, kisha kona iliyo wazi, kisha ncha inayoelekea nyuma. Bawa lake lina pembetatu ndani yake.

Teleka ana mfupa wa juu mfupi mno. Kiwiko na kifundo vimebanana karibu kabisa na mwili, na karibu urefu wote wa bawa unabebwa na kiganja na manyoya yake. Matokeo yake ni bawa lenye umbo la mundu: jembamba tangu mwanzo, limepinda kwa mstari mmoja usio na kona, na limechongoka mwishoni. Ukitafuta mahali bawa linapojikunja na usipopaona, uko mbele ya teleka.

Mifupa hiyo hiyo ndiyo inayoamua mwendo. Mbayuwayu hupiga mbawa, kisha huzivuta nyuma na kuzikunja kidogo kuelekea mwilini, huteleza, hugeuka, hupiga tena. Kila pigo linaonekana kwa macho. Teleka hupepesa mbawa haraka sana kwa muda mfupi, kisha huzishikilia zikiwa zimenyooka na ngumu, akateleza umbali mrefu bila kuzikunja. Akitaka kugeuka, huinamisha mwili mzima upande mmoja na kukata pinde pana. Mbayuwayu hugeuka ghafla kwa kufungua mkia na kuvunja mwendo.

Kuna ushahidi mmoja unaomaliza ubishi wote: ndege akitua kwenye waya wa umeme, si teleka. Miguu ya teleka ni mifupi mno kumwezesha kusimama juu ya waya au tawi. Vidole vyake vyenye kucha kali vimeumbwa kushika ukuta, jabali au kuti la mnazi. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lund, Uswidi, walitangaza matokeo ya vifaa vidogo walivyowafunga teleka wa Ulaya. Baadhi ya ndege hao walikaa hewani miezi 10 mfululizo kati ya msimu mmoja wa kuzaliana na mwingine, bila kutua hata mara moja. Hiyo ni pamoja na muda wote walioutumia Afrika. Kwa hiyo ukiona safu ya ndege kwenye nyaya za barabara ya Dar es Salaam mwezi Desemba, hao ni mbayuwayu, hata kama dakika moja kabla walikuwa wamechanganyika angani na teleka.

Jioni moja ya Novemba, ndege kwa ndege

Tuchukue kundi la kawaida la mwezi Novemba juu ya mji, saa kumi na moja jioni, mvua ikiwa bado iko mlimani. Simama jua likiwa mgongoni mwako na uanze kwa macho matupu. Darubini inayokuza mara 8 inafaa kuliko inayokuza mara 10, kwa sababu uwanja wake wa kuona ni mpana na ndege hatakuponyoka upesi. Chagua ndege mmoja tu na umfuate yeye hadi umalize maswali yote manne. Anayerukaruka kutoka ndege mmoja hadi mwingine huishia kuchanganya mkia wa huyu na bawa la yule.

Ndege wa kwanza ana bawa la mundu, kwa hiyo ni teleka. Ni mdogo na mnene, anapepesa kwa haraka na kuteleza, na mara kwa mara kundi lake hujibana pamoja na kupita juu ya paa huku likitoa mlio mkali wa kutetemeka. Mkia wake ni mfupi na umekatwa sawa mwishoni, hauna panda hata akigeuka. Sasa subiri ainamishe mwili. Juu ya mkia utaona doa pana jeupe linalozunguka hadi ubavuni, kiasi kwamba hata ukiwa chini yake huonekana kwenye kingo za mwili. Huyu ni teleka mdogo, mkazi wa mji. Viota vyake ni yale mafungu ya nyasi na manyoya yaliyogandishwa kwa mate chini ya madaraja, kwenye kona za maghorofa na chini ya matangi ya maji.

Ndege wa pili anafanana naye, lakini mwili ni mwembamba zaidi na mkia unaonekana kama ncha moja ndefu. Hapa ndipo wengi hukosea, kwa kuwa hawaoni panda na huamua kwamba haipo. Teleka wengi wenye mkia wa panda huubana wanaporuka moja kwa moja, na panda hufunguka pale wanapopunguza mwendo au kugeuka kwa kasi. Mfuate hadi ageuke mara mbili au tatu. Ncha ile itagawanyika ghafla kuwa panda ndefu. Doa lake jeupe ni mstari mwembamba uliopinda, unaokaa juu tu bila kufika ubavuni, hivyo kutoka chini hauonekani. Huyu ni teleka kiuno-cheupe. Ana tabia ya kupora kiota cha udongo cha mbayuwayu wa michirizi, kile chenye mlango mrefu wa bomba kinachojengwa chini ya dari za veranda. Ukiona manyoya laini yamechomoza kwenye mlango wa kiota cha aina hiyo, huenda mwenye nyumba amekwisha kubadilika.

Ndege wa tatu naye ana doa jeupe juu ya mkia, na ndiye anayewasumbua zaidi wanaoanza kwa rangi. Anaruka juu kuliko wenzake, doa ni pana, na mkia una panda fupi. Aliyekariri kwamba doa jeupe ni dalili ya teleka ameshapotea. Rudi kwenye bawa. Karibu na mwili ni pana, kona ya kifundo iko wazi, na kati ya mapigo analivuta nyuma. Basi ni mbayuwayu. Sasa mtazame kutoka chini: tumbo lote ni jeupe, kuanzia kooni hadi mkiani, ilhali teleka wawili waliotangulia wana tumbo jeusi na koo tu ndilo lenye weupe. Huyu ni mbayuwayu mkia-mfupi wa Ulaya, mgeni anayekuja kukimbia majira ya baridi ya kwao. Hapa kwetu hupenda kuwinda juu sana, hasa karibu na milima, na kwa sababu hiyo huhesabiwa mara nyingi kuwa teleka mdogo.

Ndege wa nne yuko chini, karibu na nyasi za uwanja. Bawa lina kona, mwendo ni wa kuserereka na kugeuka ghafla, koo ni jekundu la kutu na kifua kina mkanda mweusi. Vitabu vingi humchora akiwa na nyuzi mbili ndefu mkiani. Huyu hana. Ni mbayuwayu wa Ulaya, yule yule wa vitabuni. Wakubwa wa aina hii hubadilisha manyoya wakiwa Afrika, na nyuzi za mkia hukua tena kabla ya safari ya kurudi. Vifaranga waliozaliwa mwaka huo huo nao wana nyuzi fupi. Kwa hiyo mwezi Novemba mkia mfupi wa mbayuwayu huyu hauthibitishi kitu, na mwezi Machi mkia mrefu unathibitisha mengi. Jihadhari pia na bawa lake wakati huo. Unyoya mmoja ukianguka huacha pengo, na pengo hilo linaweza kumfanya aonekane ana ncha butu au mwendo wa kulemaa.

Ukisogea hadi palipo na mivumo, minazi au michikichi ya mapambo, utakutana na ndege wa tano. Ni teleka mwembamba kuliko wote, rangi ya kijivu iliyofifia mwili mzima, mbawa nyembamba sana na mkia mrefu unaobanwa kuwa uzi mmoja. Hupepesa kwa kasi bila kupumzika sana, akizunguka miti ile ile. Ni teleka wa mivumo. Hugandisha kiota chake kidogo kwa mate kwenye upande wa ndani wa kuti lililoning'inia, na mayai nayo huyagandisha kwa mate, kwa sababu kuti hucheza kwa upepo na yai lisiloshikwa lingedondoka. Mzazi hulalia mayai akiwa amejishika wima. Wafagiaji wanapokata makuti makavu ili mti uonekane nadhifu, hukata na viota.

Kupanda mlima, na mweusi asiye teleka

Kutoka mjini, palipo mita 500 hivi juu ya usawa wa bahari, njia ya Morningside hupanda kupitia mashamba ya ndizi na mboga hadi kwenye ukingo wa msitu. Vilele vya Uluguru hupita mita 2,600 upande wa kusini, na mitelemko ya mashariki inayopokea upepo wa Bahari ya Hindi hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Hewa yenye joto hupanda kufuata mtelemko na kubeba wadudu, na wawindaji wa angani huifuata.

Kwenye ukingo huo wa msitu utamwona ndege mweusi kabisa, bila doa lolote, mwenye mkia wa panda iliyokatwa kwa kina. Kwa orodha ya rangi na mkia pekee, ungemwita teleka. Lakini mwangalie anavyoruka. Anakwenda polepole, karibu kwa kulegea, akipita chini kando ya miti, juu ya kijito, katikati ya migomba, akirudi kwenye uwazi ule ule tena na tena. Hakuna teleka mwenye subira hiyo. Kisha anatua kwenye kijiti kikavu, na hukumu imekamilika: ni mbayuwayu mweusi, mkazi wa milima na misitu yenye unyevu. Hutoboa shimo la kiota kwenye ukingo wa udongo, mara nyingi mahali kilima kilipokatwa kupitisha barabara au njia ya miguu. Uamuzi hapa ulitoka kwenye mwendo, kwa kuwa mkia ulishuhudia upande usio sahihi na rangi haikusaidia kitu.

Palipo na miamba mitupu, mtazame mbayuwayu wa miamba. Ni wa kahawia, mkia wake hauna panda, na huteleza taratibu akifuata uso wa jabali huku na huko. Anapotanua mkia kugeuka, madoa madogo meupe hujitokeza katikati ya manyoya na kupotea tena mara tu anapoubana. Anayemwona mkia ukiwa umebanwa tu humwita ndege wa kahawia asiye na alama.

Mahali ambapo kivuli kinanyamaza

Juu ya vilele hupita mara nyingine teleka weusi wa ukubwa wa kati, wenye panda fupi mkiani na koo lililopauka kidogo. Wanaweza kuwa teleka wa Ulaya, wanaoingia Tanzania kuanzia Oktoba na kuondoka kufikia Aprili. Wanaweza pia kuwa teleka weusi wa Afrika, ambao ni ndege wa milima na majabali. Kwa kivuli, hawa wawili ni sawasawa. Bawa ni lile lile, mkia ni ule ule, mwendo ni ule ule.

Tofauti moja inayotegemeka huonekana kutoka juu. Teleka mweusi wa Afrika ana manyoya ya ndani ya bawa yaliyofifia kuliko mgongo, hivyo mgongo wake mweusi hujitenga na bawa. Wa Ulaya ana rangi inayokaribiana sehemu zote. Mlima unatupa msaada ambao mji hauna, maana ukisimama juu ya ukingo, ndege hupita chini yako jua likiwaangaza mgongoni. Msaada wa pili ni kalenda. Kundi la teleka weusi wa namna hiyo likionekana mwezi Juni au Julai, wa Ulaya wako kwao wakilea vifaranga, kwa hiyo uzito wa ushahidi unaelekea kwa mwenyeji. Mwezi Desemba kalenda hainyooshi kidole kwa yeyote.

Ukubwa nao hudanganya. Angani hakuna kitu cha kupimia, na teleka mmoja aliye peke yake anaweza kukadiriwa mara mbili ya ukubwa wake. Usiandike kwamba ulimwona teleka mkubwa isipokuwa alipita karibu na ndege mwingine unayemjua. Teleka mkubwa wa majabali akiwa kati ya teleka wadogo huonekana mara moja, mbawa zake zikipiga polepole zaidi na mtelezo wake ukienda mbali kuliko wa wenzake. Akiwa peke yake juu ya Bondwa, ni kivuli tu.

Katika hali hizo jibu sahihi ni fupi: teleka mweusi, aina haikutambuliwa. Mradi wa Atlasi ya Ndege wa Tanzania umekuwa ukikusanya taarifa za watazamaji kwa miongo kadhaa, na ramani zake hutegemea ukweli wa kila mstari ulioandikwa. Ndege aliyebahatishwa jina huingia kwenye ramani sawa na aliyethibitishwa, na kumwondoa baadaye ni kazi ngumu kuliko kumwingiza.

Basi msomaji, jioni mvua itakaposimama juu ya Uluguru, chukua daftari na uchore safu tano. Ya kwanza ni bawa: mundu au kona. Ya pili ni mwendo: ananyoosha mbawa au anazikunja. Ya tatu ni mkia, uliotazamwa akigeuka. Ya nne ni rangi, kama uliiona kweli. Ya tano ni mwezi na mahali uliposimama. Safu isiyo na jibu iache wazi. Daftari lenye nafasi wazi na jina moja la hakika lina thamani zaidi kuliko lenye majina kumi ya kukisia.